Barua kwa Mzee Kombo, dereva wa gari la shule, ruti ya Madale

Madale, Dar es Salaam
Desemba 2024

Mzee Kombo,

Shikamoo. Natumai goti limetulia na hali ya nyumbani ni njema. Bahasha hii nimemwagiza Imran akupe mkononi mwenyewe, asiiache kwenye dashibodi, maana nakujua, ungekuja kuifungua mwezi wa pili.

Dada matroni ametuambia kwamba shule zikifunguliwa utakuwa ruti ya Kimara. Nikaona kukuaga kwa meseji haitoshi. Wazazi wengine watakushukuru kwa kuendesha taratibu, kwa kutopita pembeni ya barabara kama daladala foleni ikikaza pale Afrikana, na kwa kuwahi. Hayo yote ni kweli na mimi naungana nao. Ila mimi nina langu.

Unakumbuka nilipokuja kukuona mara ya kwanza, Imran akiwa anaanza Darasa la Pili. Nilikuja na karatasi ya kliniki ya Muhimbili, nikaanza kukueleza habari za sikoseli. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Wewe ukanisikiliza hadi mwisho, kisha ukauliza maswali mawili tu: baridi inamfanyaje, na maumivu yakianza huwa yanaanzia wapi. Hakuna dereva aliyewahi kuniuliza hayo. Hata ndugu zetu wengine hawajauliza mpaka leo.

Nikakwambia baridi ni adui yake, kukaukiwa maji ni adui yake, na kwamba mara nyingi huanza miguuni au mgongoni. Kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri gari lilipofika, ukamwambia, "Imran, wewe ni msaidizi wangu, kaa nyuma yangu hapa uniangalizie kioo." Akafurahi kupewa cheo. Kumbe ile siti ndiyo isiyopigwa na upepo wa mlangoni, na ukigeuka kidogo unamwona uso. Wakati wa kipupwe, Juni na Julai, watoto wengine walikuwa wanataka madirisha wazi kwa sababu ya kutapika tapika, nawe ukawapanga wenye kichefuchefu upande mmoja, dirisha la upande wa Imran likabaki limefungwa. Hakuna mtoto aliyejua kwa nini.

Hapo ndipo penye shukrani yangu, Mzee wangu. Hakuna aliyejua.

Shule aliyokuwa kabla ya hii, dereva alitangaza ndani ya gari kwamba huyu ni mgonjwa, msimsukume. Nadhani alikusudia wema. Lakini baada ya wiki watoto hawakutaka kukaa naye, wengine wakidhani wataambukizwa, ilhali ni ugonjwa wa kurithi, ameurithi kwetu sisi wenyewe, mimi na baba yake. Akawa anarudi maji kwenye chupa yake hayajapungua, kwa sababu akinywa atabanwa na mkojo, na akibanwa atalazimika kuomba gari lisimame mbele ya watu wote. Daktari alishatueleza: figo za watoto hawa hazibani mkojo vizuri, kwa hiyo wanakwenda haja mara kwa mara, na bado ni lazima wanywe maji mengi. Mtu mzima anaweza kuona ni jambo dogo. Kwa mtoto wa miaka saba ilikuwa vita ya kila siku, na alichagua kiu.

Wewe ulifanyaje? Jioni, foleni ikiwa imelala kuanzia Mwenge, unaingia sheli, unazima gari, unasema, "Haya, dereva anaenda chooni, nani ananisindikiza?" Wanateremka kumi, Imran mmoja wao. Dada matroni ndiye aliyeniambia kwamba siku nyingine wewe mwenyewe hata chooni huingii, unasimama nje unahesabu watoto. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na sijui yalikuwa machozi ya kucheka au ya nini.

Halafu ile siku ya Machi. Joto lile la kabla ya masika, gari limesimama Lugalo halisogei. Ulimwona kwenye kioo ameacha kupiga kelele na wenzake, anajikunja. Ulinipigia hata kabla hajalia. Ukaniambia, "Mama Imran, usikimbie barabarani, sikiliza. Analalamika mgongo na paja la kushoto. Homa simwoni nayo. Anakunywa maji, dada amemkumbatia. Dawa yake ya maumivu iko mfuko wa mbele wa begi, nimpe?" Nimefanya kazi ofisini miaka mingi, sijawahi kupewa taarifa iliyonyooka namna ile. Ukageuza gari kwenda hospitali ya karibu, mimi nikafika na bodaboda, nikamkuta amejifunika koti lako.

Jambo ambalo hukuniambia nililijua baadaye sana. Kwenye grupu la wasapu la wazazi uliandika kwamba gari limechelewa "kwa sababu ya barabara". Mzazi mmoja akakushukia, akasema madereva mmezoea visingizio, na kwamba atafika ofisini kwa mwalimu mkuu. Nilikuwa wodini, sikusoma. Ungeweza kujibu kwa mstari mmoja tu, kwamba kuna mtoto aliugua, na wote wangenyamaza. Hukujibu. Ulikubali kuitwa mzembe ili Jumatatu yake Imran aingie garini kama mtoto mwingine yeyote. Na ndivyo alivyoingia, Jumatano lakini, si Jumatatu, na ulimpokea kwa kumgombeza: msaidizi gani anaacha kazi bila ruhusa?

Mwaka huu amefanya upimaji wa Darasa la Nne na hakukosa hata karatasi moja. Kliniki wanasema foliki na ile dawa nyingine zimemsaidia sana, nami nawaamini. Lakini kliniki anakwenda mara moja moja. Asubuhi na jioni alikuwa kwako.

Dada matroni nimemwandikia yake, asije akadhani nimemsahau. Mikono yake imefanya mengi.

Sasa ombi, ndiyo, kwenye barua ya shukrani kuna ombi, univumilie. Nimezungumza na mwalimu wa usafiri, dereva mpya anakuja kupitia ruti na wewe wiki ya mwisho kabla ya kufungua. Karatasi ya kliniki nitampa mimi mwenyewe. Ila mambo ya siti, ya sheli na ya kioo, tafadhali mweleze wewe. Akiambiwa na mama wa mtoto ataona ni wasiwasi wa mama. Akiambiwa na dereva mwenzake atajua ni sehemu ya kazi. Kama itakuwepo nafasi, Imran naye apande siku hiyo ili cheo chake kikabidhiwe rasmi, maana ameshaanza kuuliza kama dereva mpya anao wasaidizi wake.

Kwenye mfuko kuna mchele wa Kyela kilo kumi, na doti ya kanga ya mama wa nyumbani kwako. Baba Imran ameongeza koti. Anasema lile lako la zamani Imran alilitapikia, na wewe ulikana.

Tukijaliwa, Januari tutakuja Kimara kuwasalimia. Nifikishie salamu kwa mama na wajukuu.

Wako,
Mama Imran