Maelekezo ya Mtihani wa Mtandaoni: Utangulizi wa Takwimu

Kwa watahiniwa wote,

Mtihani wa mwisho wa muhula wa Utangulizi wa Takwimu utafanyika mtandaoni siku ya Jumatano, tarehe 17 Juni 2026. Tafadhali soma maelekezo haya hadi mwisho kabla ya siku hiyo.

Mfumo utafunguliwa saa 2:15 asubuhi. Kila mtahiniwa awe ameingia ifikapo saa 2:30. Mtihani utaanza saa 3:00 kamili asubuhi, utachukua saa 2, na utafungwa saa 5:00 kamili.

Kompyuta yako itaonyesha saa hizo kama 08:15, 08:30, 09:00 na 11:00. Kila muhula kuna anayeona 09:00 kwenye skrini akadhani ni saa tisa, basi angalia mara mbili. Saa zote hapa ni za Afrika Mashariki. Aliye nje ya ukanda huo afanye hesabu yake mapema.

Nusu saa kati ya 2:30 na 3:00 ina kazi yake. Ndipo msimamizi anapomwita kila mtahiniwa kwa zamu, anaangalia kitambulisho mbele ya kamera na kuhakikisha maikrofoni inasikika. Hatuwezi kuhakiki watu 84 katika dakika 5 za mwisho. Ukishahakikiwa, baki kwenye ukurasa wa kusubiri. Maswali yatajitokeza yenyewe saa 3:00.

Kuhusu wanaochelewa

Ukiingia baada ya saa 2:30 lakini kabla ya saa 3:00, utahakikiwa baada ya wenzako waliowahi. Zamu yako ikikukuta mtihani umeshaanza, dakika hizo hazifidiwi.

Ukiingia kati ya saa 3:00 na saa 3:30, utaruhusiwa kufanya mtihani, ila utamaliza saa 5:00 pamoja na wengine. Aliyeanza saa 3:25 ana saa 1 na dakika 35, hata kama sababu yake ni ya kweli. Kumwongezea muda aliyechelewa ni kuwaonea waliowahi.

Saa 3:30 kamili mlango unafungwa. Msimamizi hana uwezo wa kuufungua tena, kwa hiyo kumpigia simu na kumsihi hakutasaidia. Utaandikwa kuwa hukufika. Kama ulizuiwa na ugonjwa, msiba au dharura nyingine, andika barua ya kuomba mtihani maalumu, ambatisha ushahidi, na uitume kwa ofisi ya mitihani ndani ya siku 3 za kazi, yaani kabla ya kazi kufungwa Jumatatu tarehe 22 Juni. Tunayasoma maombi hayo kwa makini, na mwenye sababu ya msingi hapotezi haki yake.

Mtandao ukikatika

Aliyekuwa ameshaanza mtihani kisha mtandao ukakatika si mchelewaji. Anaweza kurudi wakati wowote kabla ya saa 5:00, hata baada ya saa 3:30, kwa jina na nenosiri lilelile. Mfumo huhifadhi majibu kila baada ya dakika 1, hivyo utayakuta karibu yote. Saa ya mtihani, hata hivyo, haisimami. Usipoteze dakika 20 ukihangaika na laini moja. Washa intaneti ya simu, kisha piga namba ya dharura iliyo juu ya ukurasa wa kuingilia. Iandike kwenye karatasi siku moja kabla, maana ukurasa wenyewe hutauona mtandao ukishakatika. Hitilafu ikiwa upande wetu, muda uliopotea utarudishwa kwa wote.

Watahiniwa walioidhinishiwa muda wa ziada kwa sababu za kiafya au ulemavu watamaliza saa 5:30. Mfumo umeshawekewa muda huo. Hawahitaji kuomba upya.

Kuwa na kitambulisho, kikokotoo cha kawaida, kalamu na karatasi 2 tupu, ambazo utazionyesha kwenye kamera pande zote mbili kabla ya kuanza. Majedwali ya takwimu yamo ndani ya mtihani. Simu iwe kimya na mbali na mkono, isipokuwa unapoitumia kwa intaneti au kwa namba ya dharura.

Ukimaliza, bonyeza “Wasilisha” na usubiri ujumbe wa kuthibitisha kupokelewa. Usipobonyeza, mfumo utakusanya ulichojaza muda utakapoisha.

Mtihani wa majaribio wenye maswali 3 uko wazi kuanzia Jumatatu tarehe 15 Juni saa 2:00 asubuhi hadi Jumanne saa 12:00 jioni. Hauna alama, lakini tunakusihi uufanye kwa kompyuta ileile na mtandao uleule utakaotumia Jumatano. Tatizo la kamera au nenosiri likigundulika Jumatatu, tuna muda wa kulitatua nawe.

Mratibu wa Mitihani