Nusu Kidonge

Picha iliingia kwenye kundi la Wasapu la ukoo saa nne na nusu usiku. Stima ilikuwa imekatika Walukuba nzima, kwa hiyo kila mtu alikuwa amelala chali na simu mkononi, hana la kufanya. Hilo peke yake lilitosha kuleta balaa.

Ilikuwa imetoka kwa Jaja, bibi yetu, kule Waltham, Massachusetts, Marekani. Kidole gumba chake kilikuwa kimeziba robo ya picha, na kioo cha kamera lazima kilikuwa na mafuta, maana kila kitu kilionekana kama kimepigwa ndani ya moshi. Palikuwa na chupa ndogo ya plastiki ya rangi ya machungwa, yenye kifuniko cheupe na karatasi ya maandishi. Baada ya picha ikafuata sauti ya sekunde mbili: "Taaka, mwanangu, hii..." Kisha kimya.

Taaka ni binti wa marehemu Shangazi Sarah, na anauza katika duka la dawa karibu na soko la Walukuba. Kwa vyovyote Jaja alitaka kumtumia yeye peke yake. Lakini Jaja hajawahi kutofautisha kundi na mtu. Mwezi uliopita alitutumia sote arobaini na wawili salamu za siri za Mama Egesa.

Taaka alipiga mara moja. Haikuita. Alama ya ujumbe ikabaki moja tu, kijivu, na hiyo tuliijua maana yake: simu ya Jaja hula intaneti ya nyumbani, na akivuka mlango tu anapotea duniani. Shangazi Nabwire, anayekaa naye, alikuwa ameshaingia kazini. Anatunza wazee katika nyumba moja ya wazee, na zamu yake ya jioni humalizika saa tano usiku za kwao, ambazo kwetu Jinja, majira yao ya baridi, ni saa moja asubuhi. Simu zinafungiwa kwenye kabati. Tulikuwa na usiku mzima wa kufikiri, na ukoo wetu ukipewa usiku mzima hauachi kitu.

Wa kwanza alikuwa Egesa, anayesoma Kyambogo. Aliikuza picha, akaona "MET", akaingia mtandaoni, akarudi mbio: "Methotrexate. Ni dawa ya kansa."

Sitaeleza ilivyokuwa baada ya hapo kwa sababu haielezeki. Mama Egesa alituma sauti ya dakika nne ambayo dakika tatu ni kilio. Mtu wa Busia aliandika Zaburi nzima. Mwingine akauliza nani anamjua mtu anayesafiri wiki hii, ampelekee Jaja majani machungu ya mululuza.

"Ngojeni," Taaka akaandika. "Hapo chini pameandikwa kila saa 12. Hiyo ya kansa, hata wenye baridi yabisi wanaoinywa kwa vidonge huinywa mara moja kwa wiki. Si rahisi daktari aandike kila saa 12. Hii ni metronidazole. Ni Flajili, jamani. Flajili!"

Kundi zima likapumua. Flajili nani asiyeijua? Hapa kwetu tumbo likiguna tu, mtu anatuma mtoto dukani. Ingeishia hapo tungelala. Lakini Taaka ni mtu wa kazi yake, hawezi kuacha karatasi ya dawa bila kuimaliza.

"Ila ni 250," akaongeza. "Zetu ni 200 au 400. Na inasema 1/2 tab. Nusu kidonge. Mtu mzima hapewi nusu kidonge."

"Anapewa nani?" akauliza Baba mkubwa Barasa. Ndiyo mara ya kwanza aliandika usiku ule. Baba mkubwa ni mwenyekiti wa kijiji, LC I, na huwa anangoja watu wachoke kwanza.

"Mtoto," Taaka akajibu.

Dakika moja ikapita. Nadhani sote tulikuwa tunaikuza picha ile ile. Juu kabisa ya karatasi, mahali pa jina la mgonjwa, palikuwa na herufi kubwa. Neno la kwanza lilikuwa ukungu, herufi kama tano zinazoanza na S. La pili lilisomeka vizuri kuliko kitu chochote kwenye picha hiyo: WANDERA.

Wandera ni jina la babu yetu, aliyekuwa fundi wa mashine pale kiwanda cha nguo cha Nytil enzi viwanda vya Jinja vilipokuwa vinanguruma usiku na mchana. Nabwire ndiye Wandera wa pekee upande ule wa bahari. Hana mume, au hakuwa ametuambia. Na miezi miwili nyuma alikuwa amemtumia Jaja tiketi kwa haraka ambayo haikuwa na maelezo. "Aje apumzike," alisema. Sisi tukaamini, tukamsindikiza hadi Entebe na gari la kukodi.

"Bibi hatumiwi tiketi ya ndege akatazame theluji," akaandika Mama Egesa, machozi yakiwa yamekauka ghafla. "Bibi anaitwa kulea."

Kila kitu kikakaa mahali pake. Ndiyo maana Jaja, tukimpigia kwa video, huelekeza simu darini. Ndiyo maana Jumapili moja tulisikia kitu kikilialia nyuma yake, naye akasema ni redio. Ndiyo maana alimwuliza Taaka, mwezi wa kwanza tu baada ya kufika, kama dagaa wa mukene na karanga vinaweza kuharibu tumbo la "mtu mdogo". Taaka alidhani ni jirani.

Baba mkubwa alipiga simu badala ya kuandika, akamwita kila mwenye nyumba ya karibu aje kwake. Tulikwenda, giza lile lile, tukakaa sebuleni na taa ya sola. Alikuwa amevaa koti juu ya shuka.

"Mtoto amezaliwa katika ukoo huu," akasema, "ana meno ya kutafuna kidonge, mimi sijui. Amepewa jina la baba yangu, maana yake baba yake mwenyewe hayupo. Na la kwanza amepewa bila kuniuliza. Nani alikaa kikao? Jina lilitoka wapi?"

Hakuna aliyejibu. Taaka alikuwa bado ameinamia simu, anaipunguza mwanga, anaiongeza, anaigeuza ubavu.

"Linaanza na S," akasema polepole. "Herufi tano. Mimi naona kama Sarah."

Baba mkubwa aliomba miwani. Akashika simu mbali, akaisogeza, akaikaza macho mpaka tukaona aibu kumtazama. Sarah alikuwa mkubwa wake kwa mwaka mmoja. Ndiye aliyembeba mgongoni kumvusha barabara ya kiwandani. Alipozikwa, Baba mkubwa aliapa mtoto wa kike wa kwanza kuzaliwa ataitwa yeye, lakini tangu siku hiyo ukoo umezaa wavulana watupu, kwa ukaidi.

"Kumbe Nabwire alikumbuka," akasema. Sauti ya mwenyekiti ilikuwa imeondoka. "Basi. Kama ni Sarah, sina kesi."

Alfajiri ilitukuta tumeshapanga. Kila nyumba ilitoa kitu, kwa mobail mani, kwa namba ya Baba mkubwa: shilingi elfu ishirini hapa, elfu kumi pale. Mama Egesa, ambaye duka lake la nguo hufunguliwa anapotaka yeye, alileta shali ya mtoto ya rangi ya waridi na kuitoa kwenye nailoni kabisa, isirudishike. Baba mkubwa aliandika kwenye kundi tangazo rasmi la kumkaribisha mjukuu Sarah Wandera na kuomba walio mbali wachangie.

Saa moja na robo, video ikapokelewa. Shangazi Nabwire alikuwa kwenye gari, bado na sare, analalamika kwamba ana simu sabini ambazo hakuzipokea na nani amekufa.

"Hajafa mtu," Baba mkubwa akasema, kwa upole tuliokuwa hatuujui. "Ingia ndani, mdogo wangu. Tumejua. Hatuna hasira. Tuonyeshe mtoto."

"Mtoto gani?"

"Nabwire. Tumeona jina kwenye dawa."

Alikaa kimya, kisha akafunika mdomo kwa kiganja. Tulimwona akipanda ngazi, akifungua mlango, akiita, "Mama! Umepiga picha dawa ya nani?" Jaja akatokea na kanga kichwani, amejishika tumbo. Na nyuma ya Jaja, akiteleza kwenye sakafu kwa furaha, akatokea mbwa. Mdogo, mwenye manyoya ya kahawia, masikio yamemzidi kichwa. Amevaa sweta.

"Huyo ndiye Simba," Nabwire akasema.

Kumbe hospitali ya wanyama huko huandika dawa kwa jina la mnyama na ukoo wa mwenyewe. Kumbe Jaja aliitwa ampeleke Simba nje mara tatu kwa siku wakati Nabwire yuko zamu, na aliona ni aibu kutuambia kwamba amevuka bahari kwenda kuchunga mbwa. Alimpikia mukene wa karanga tuliompakia kwenye sanduku, kwa kumwonea huruma kula mbegu kavu kila siku. Tumbo la Simba likaharibika. Juzi Jaja mwenyewe akala kiporo cha chakula kile kile.

"Nikaona chupa, nikasema hii si Flajili yetu?" akasema. "Nikataka Taaka aniambie ninywe ngapi."

"Umekunywa?" Taaka akapiga kelele hadi tukashtuka.

"Ningekunywaje? Kifuniko chao hakifunguki. Nimekizungusha jana nzima."

"Usiifungue! Dawa ya mgonjwa mwingine haiguswi, hata kama ni Flajili. Chukua maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai sita, chumvi nusu kijiko, unywe kidogo kidogo. Shangazi, akiona damu au homa, mpeleke hospitali leo leo. Ya watu."

Baba mkubwa alikuwa hajasema neno. Alikuwa anamtazama mbwa, na mbwa alikuwa amesogeza pua kwenye kamera, anamtazama yeye.

"Na hilo sweta," akauliza hatimaye, "alinunua nani?"

"Mimi, kaka."

"Na hospitali. Anapanga foleni?"

"Ana miadi."

Mama Egesa alicheka mpaka akaketi chini. Baba mkubwa akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shuka kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akasema Nabwire amwondoe huyo mnyama kwenye jina la mzee wetu, kwa maandishi. Kisha akauliza anakula nini sasa, kama mukene umekatazwa.

Ilibaki hesabu ya michango. Wengine walitaka zao, Mama Egesa akasema shali yake hairudi dukani na imeshashikwa na mikono ya watu. Tukiwa katikati ya ubishi, simu ya Baba mkubwa ikalia. Alikuwa Okumu wa Kikuubo, Kampala, ambaye hulala mapema na husoma ujumbe mmoja tu kati ya mia. Alikuwa ametuma shilingi elfu hamsini na maneno haya: "Za maziwa ya Sarah. Nasikia anafanana na Baba mkubwa."

Baba mkubwa alisoma kwa sauti, akatutazama mmoja mmoja. Akaandika kwa kidole kimoja, "Ukoo umepokea kwa shukrani," akazima simu.