"Mathe, Nimesota": Maneno ya Vijana kwa Wazazi Wetu wa Busia

(Busia, upande wa Uganda. Asubuhi, duka la mbao na vifaa vya ujenzi. Mama yuko kwenye kaunta, miwani imeshuka puani, simu ameishika mbali na macho. Zaituni, binti yake, anafagia unga wa mbao. Kamera iko juu ya rundo la mabati.)

MAMA: Zaituni! Njoo haraka! Jamali ameumwa na nyoka!

ZAITUNI: Nyoka? Nairobi? Gereji?

MAMA: Ameandika mwenyewe! (Anasoma polepole.) "Mathe niaje. Nimesota mbaya. Nitumie soo mbili nidishi. Wikendi nahepa, nakuja keja." Musota kwa Kiganda, si nyoka huyo? Tena mbaya! Na soo mbili! Shangazi yako wa Mwanza aliniambia soo ni balaa. Mtoto ana nyoka, ana mabalaa mawili, na sasa anahepa. Anamkimbia nani? Polisi?

(Kamera inasogea karibu na uso wa Zaituni. Nyuma yake Mama anafunga leso kiunoni, tayari kwa safari.)

ZAITUNI (kwa kamera): Wazazi wetu, asalaam aleikum, hamjambo. Mimi ni Zaituni, nafundisha Kiswahili hapa hapa Busia. Huyu ni mama yangu, na sasa hivi anataka kupanda basi la Nairobi na dawa ya nyoka. Kabla hajafika barabarani, tumsomee ujumbe upya.

(Maandishi kwenye skrini, neno baada ya neno.)

ZAITUNI: "Mathe" ni mama. "Niaje" ni salamu, kama kuuliza habari yako. "Nimesota" maana yake sina hela, nimeishiwa kabisa. Ni maneno ya Sheng, lugha ya vijana iliyokulia mitaa ya mashariki ya Nairobi, na nyoka wa Kiganda hajaingia humo hata mkia.

MAMA: Na soo?

ZAITUNI: Nairobi soo ni mia moja. Soo mbili ni mia mbili za Kenya.

MAMA: Na Mwanza?

ZAITUNI: Mwanza soo ni aibu, ni balaa. Shangazi hakukosea. Neno ni moja, miji ni miwili.

MAMA: Kwa hiyo anataka mia mbili tu?

ZAITUNI: Za Kenya, mama. Ni zaidi ya elfu tano zetu. "Nidishi" ni nile. "Nahepa" ni naondoka, nachomoka. "Keja" ni nyumbani. Mtoto ana njaa, na wikendi anakuja kukuona.

(Mama anafungua leso. Anakaa juu ya mfuko wa saruji.)

MAMA: Si angesema "mama nina njaa"?

ZAITUNI (kwa kamera): Swali hili naulizwa na wazazi kila siku ya kutembelea shule. Jibu langu ni kwamba Jamali hakukusudia kumficha mama yake. Kutwa nzima anaongea hivyo na mafundi wenzake, mkono ukaandika ulivyozoea. Kijana anayeficha neno kweli huzima simu ukipita. Huyu ametuma ujumbe wazi.

(Mlio wa pikipiki. Kijana wa boda kutoka upande wa Kenya anaingia na karatasi ya vipimo.)

KIJANA: Shikamoo mama. Hii futi kumi, nipunguzie mbao.

MAMA: Marahaba, mwanangu. (Anachukua msumeno, anaanza kupima ubao.) Nikupunguzie kiasi gani? Futi moja?

KIJANA: Hapana, mama, usikate! Mbao! Nipunguzie mbao!

MAMA: Ndiyo nakupunguzia!

(Picha inaganda, msumeno hewani.)

ZAITUNI: Wafanyabiashara wa mpakani, hapa tulieni kidogo, maana ni riziki yenu. Katika Sheng, mbao ni shilingi ishirini. Kijana anaomba bei ishuke, ubao ubaki mzima. Finje ni hamsini. Soo mmeijua. Thao ni elfu moja. Ukikutana na mteja wa Bukoba au Mwanza, sahau yote hayo: kwake elfu ni buku, na mia tano ni jero. Miaka miwili nyuma mama alikata ubao wa watu kwa sababu ya neno hili, akaulipa yeye. Nilikuwepo, na iliniuma. Ndiyo sababu hasa ya video hii.

(Picha inaendelea. Mama anashusha msumeno.)

MAMA: Ishirini ya Kenya? Si ungesema! Nakupunguzia. Beba.

(Onyesho linabadilika. Mama na Zaituni wamekaa kwenye benchi nje ya duka, chai na chapati mbele yao. Simu imewekwa spika.)

SAUTI YA SHANGAZI: Haloo, wifi! Huku mwanangu amenichanganya. Kaniambia, "Bimkubwa, nimefulia." Nikamwambia hongera, na mashuka je, umeyafua? Akacheka mpaka akakaa chini.

ZAITUNI: Shangazi, shikamoo. Kufulia ni kuishiwa pesa. Ni kusota kwa Kitanzania.

SAUTI YA SHANGAZI: Marahaba, mwanangu. Kumbe! Mimi nilimpa sabuni.

(Mama anacheka, chai inamwagika.)

ZAITUNI: Na "bimkubwa" je, ulikasirika?

SAUTI YA SHANGAZI: Nikasirike? Nimependa.

ZAITUNI (kwa kamera): Hapo shangazi kanisaidia. Bimkubwa ni mama kwa heshima na mapenzi. Mathe pia halina tusi ndani yake. Ila mwanao akimwita jirani mwenye mvi "buda", mkanye, hata kama kwa marafiki zake buda ni baba tu. Na "fala" mkanye popote, hilo ni tusi, maana yake mjinga. Salamu ya "niaje" iende kwa rika lake. Mliona yule wa boda? Mbao zake ni za mtaani, lakini alimwamkia mama shikamoo. Kijana anajua mahali pa kila neno kama alivyofundishwa.

(Haraka haraka sasa. Kila mfano sekunde chache, ngoma inagonga kati ya mmoja na mwingine. Mama anacheza mzazi, Zaituni amevaa kofia ya Jamali kinyumenyume anacheza kijana.)

KIJANA: Jana tulikula bata!

MAMA: Bata wa nani? Jirani anatafuta bata wake tangu jana!

ZAITUNI: Kula bata ni kustarehe. Bata wa jirani tumemkuta kwa fundi cherehani, mzima wa afya.

(Ngoma.)

KIJANA: Yule rafiki yangu kanipiga mzinga.

MAMA: Kuna vita?

ZAITUNI: Ameombwa pesa. Mzinga wa kijana hulia mwisho wa mwezi.

(Ngoma.)

KIJANA: Nipe risto, mama.

MAMA: Risto gani? Sina. Nenda duka la pili.

ZAITUNI: Sema "stori". Sasa ipindue, silabi ya nyuma ije mbele: ri-sto. Ukiijua hila hii, maneno kadhaa utayafungua peke yako jioni ukiwa umekaa.

(Ngoma.)

KIJANA: Sherehe ilinibamba kinoma!

MAMA (anakimbilia mlangoni): Wamemteka mtoto!

ZAITUNI: Mama amesikia "kuwamba" ya Kiganda, kumteka mtu. Kwa Sheng, kubamba ni kupendeza, kufurahisha. Mtoto alifurahi na alirudi saa mbili.

(Ngoma.)

KIJANA (ameshika kichwa): Mkeka umechanika.

MAMA: Pole, mwanangu. Jumamosi nitakununulia mwingine sokoni.

(Ngoma inanyamaza. Zaituni anavua kofia, anakaa karibu na kamera.)

ZAITUNI: Hapa sichezi. Mkeka anaosema ni wa kubeti, orodha ya mechi alizowekea pesa. Umechanika, maana yake pesa imekwenda. Mzazi asiyelijua neno hili atampa pole na kumtumia nauli nyingine. Yapo na mengine ya kuyashika: keroro ni pombe, veve ni miraa, ngwai ni bangi. Ukiyasikia, usimrukie mtoto hapo hapo. Huenda anasimulia ya mwenzake, na ukifoka mara moja hatakusimulia tena. Ngoja mmekula, mko wawili, muulize kwa jina hilo hilo alilotumia: "Ile ngwai uliyosema, ni ya nani?" Mimi nimewaona wanafunzi wakifunguka kwa sababu tu mtu mzima alilijua neno na hakupiga kelele.

(Mama anamimina chai tena.)

MAMA: Lakini mwalimu, mtihani wa Kiswahili ataandika hayo?

ZAITUNI: Asithubutu. Tangu Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima, msingi na sekondari. Kwenye karatasi ya mtihani "nimesota" litapigwa kalamu nyekundu, na nitalipiga mimi mwenyewe. Darasani nawaambia wanafunzi waandike sentensi mara mbili, ya kwanza ya mtaani, ya pili sanifu. Kwanza "Mathe, nimesota", kisha "Mama, nimeishiwa pesa". Anayeweza kuvuka kutoka ya kwanza hadi ya pili bila kujikwaa, Kiswahili anakijua.

MAMA: Sisi hatukuwa na maneno ya ovyo.

ZAITUNI: Mama, uliletwaje hospitali siku ya kunizaa?

MAMA: Kwa boda boda, ya baiskeli.

ZAITUNI: Na boda boda ni Kiswahili cha kitabu gani?

(Mama ananyamaza. Anatazama barabara, pikipiki zinapita.)

MAMA: Ni la hapa hapa. Vijana wa baiskeli walikuwa wanaita abiria wa kuvushwa mpaka. "Boda! Boda!" Babu yako alikuwa hataki kulisikia neno hilo. Aliona la kihuni.

ZAITUNI: Na leo?

MAMA: Leo hata waziri analisema redioni.

(Mama anachukua simu. Anavaa miwani vizuri, anapiga. Zaituni anasogeza kamera taratibu. Simu inaita, inapokelewa. Nyuma ya sauti ya Jamali nyundo zinagonga.)

SAUTI YA JAMALI: Haloo, mathe?

MAMA: Jamali, niaje. Soo mbili natuma sasa hivi, udishi. Lakini usinipige mzinga tena mwezi huu, na mimi nimefulia. Wikendi hepa uje keja, tutakula bata. Na ukifika nipe risto ya mkeka.

(Nyundo zinanyamaza. Kimya kirefu.)

SAUTI YA JAMALI: Samahani... wewe ni nani? Simu ya mama umeitoa wapi?