Barua ya Kudai Kurudishiwa Amana ya Nyumba

Mwanaisha Bakari
Voi, Kaunti ya Taita Taveta

14 Oktoba 2024

Kwa Mwenye Jumba,
Tudor, Mombasa.

Mzee wangu,

KUH: MADAI YA SHILINGI 23,500, SALIO LA AMANA YA NYUMBA NAMBARI 7, GHOROFA YA PILI

Pokea salamu zangu. Nakuandikia kuhusu amana niliyokuwekea nilipopanga katika jumba lako kuanzia tarehe 1 Februari 2021 hadi tarehe 31 Julai 2024, ambayo hadi leo hujanirudishia, ijapokuwa funguo ulizipokea siku niliyohama na muda tuliokubaliana katika mkataba umepita zamani. Tumezungumza kwa simu mara tatu na kila mara nimepewa sababu tofauti, kwa hiyo nimeona ni afadhali mambo yote yawekwe kwenye karatasi, kila upande ujue unasimamia wapi.

Tarehe 29 Januari 2021 nilikutumia shilingi 46,000 kwa M-Pesa, yaani kodi ya mwezi wa kwanza shilingi 22,000, amana ya nyumba shilingi 22,000 na amana ya maji shilingi 2,000. Ulipopandisha kodi hadi shilingi 24,000 mwezi wa Januari 2023, ulinitaka niongeze amana ilingane na kodi mpya, nami nikaongeza shilingi 2,000 siku ile ile. Pesa zangu zilizo mikononi mwako kwa jina la amana ni shilingi 26,000. Ujumbe wa malipo yote mawili ninao, na katika wa pili wewe mwenyewe ulinijibu, "Nimepata, sasa depo iko sawa."

Notisi ya mwezi mmoja nilikupa kwa maandishi tarehe 28 Juni 2024, baada ya kuhamishwa kikazi kuja Voi, na kodi ya Julai nililipa yote bila kusema kwamba amana ikatwe badala yake, ingawa najua wapangaji wengi hufanya hivyo, na baada ya yaliyonipata sasa ninawaelewa. Kifungu cha 11 cha mkataba wetu kinasema amana itarudishwa katika muda wa siku 30 tangu mpangaji arudishe funguo, baada ya kuondoa gharama za uharibifu alioufanya yeye na bili ambazo hajalipa. Siku hizo ziliisha tarehe 30 Agosti.

Nataka tuanzie na siku ya kukabidhi nyumba, kwa sababu mengi unayodai leo yalikwisha kujibiwa siku hiyo. Tarehe 31 Julai, mwendo wa saa nne asubuhi, msimamizi wako alizunguka nami chumba kwa chumba. Alifungua mabomba yote, akawasha na kuzima kila taa, akavuta maji ya choo, akafungua na kufunga kila mlango kwa ufunguo wake. Kisha akaandika katika daftari lake, kwa mkono wake mwenyewe: "Nyumba nambari 7 imepokelewa. Funguo tatu. Kioo kimoja cha dirisha la jikoni kina ufa. Mita ya maji 0423. Nyumba safi, mengine sawa." Alitia sahihi, nami nikatia, na ukurasa huo niliupiga picha mbele yake. Msimamizi huyo ndiye uliyeniagiza nimkabidhi nyumba, hivyo alichoandika ni kauli yako.

Tarehe 2 Septemba nilipokupigia, hukutaja uharibifu wowote. Uliniambia nisubiri mpangaji mpya alipe amana yake ndipo nipate yangu. Tarehe 9 Septemba ulisema mpangaji ameshaingia tangu katikati ya Agosti lakini hajamaliza kulipa. Ni tarehe 21 Septemba, siku 52 baada ya kupokea funguo, ndipo uliponitumia hesabu ya makato: rangi shilingi 15,000, kitasa cha chumba cha kulala shilingi 2,500, maji shilingi 4,200 na usafi shilingi 3,000, jumla shilingi 24,700. Kwa hesabu yako mwenyewe ninabakiwa na shilingi 1,300, na hata hizo hujanitumia.

Kuhusu rangi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya makato, mkataba wetu hauna kifungu kinachomtaka mpangaji apake nyumba rangi anapohama. Ulinieleza kwamba ndiyo desturi ya Mombasa. Najua wenye nyumba wengi hudai hivyo, ila desturi haiwezi kuongeza katika mkataba jambo ambalo hatukuliandika, hasa ikiwa mkataba wenyewe, katika kifungu cha 9, unanitaka nirudishe nyumba katika hali njema "isipokuwa uchakavu wa kawaida". Nimekaa miaka mitatu na nusu katika nyumba inayopigwa na upepo wa bahari, na rangi ya krimu niliyoikuta ilikuwa imepauka tangu mwanzo. Nilipoingia haikuwa mpya na sikudai unipakie. Alama nyeusi za kuvu kwenye pembe ya dari ya chumba kidogo zilitokana na bomba la bafu la ghorofa ya juu lililokuwa likivuja. Nilikuarifu kwa ujumbe tarehe 11 Mei 2023, nikakukumbusha mara mbili, na fundi alikuja mwezi wa Agosti. Dari iliyonyeshewa maji kwa miezi mitatu kwa bomba ambalo si langu sitailipia mimi.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa ulitazame mwenyewe kabla hujanijibu. Risiti ya duka la vifaa uliyonitumia, ya tarehe 6 Agosti, inaonyesha ndoo mbili za rangi ya maji ya krimu na makopo mawili makubwa ya rangi ya mafuta ya kijani. Ndani ya nyumba nambari 7 hamna kijani hata cha kidole, si ukutani, si mlangoni, si dirishani. Kijani ndiyo rangi ya ngazi za jumba, kutoka chini hadi kimo cha kiuno, na ya lango la mbele. Jirani yangu wa zamani amenitumia picha za ngazi hizo, zimepakwa upya na zimependeza kweli. Sina kinyongo na ukarabati wa jumba lako, ila sioni kwa nini niulipie mimi niliyekwisha kuhama.

Kitasa unachonidai nilikinunua mimi. Kile cha awali kiliota kutu kwa chumvi hadi ufunguo ukakatikia ndani mwezi wa Novemba 2022, nikaita fundi, nikalipa shilingi 1,800 kwa kitasa na ufundi, na risiti ninayo. Sikukudai pesa hizo wakati ule. Kitasa hicho kilikuwa kikifanya kazi tarehe 31 Julai, kama msimamizi alivyojaribu kwa mkono wake, na kama kimeharibika baadaye, kimeharibikia mikononi mwa wengine.

Maji ninayo ya kulipa, wala sikatai. Mwanzoni mwa Julai mita ilisoma 0412, na siku niliyohama ilisoma 0423, hizo ni yuniti 11, ambazo kwa bei yako ya shilingi 150 kwa yuniti zinafika shilingi 1,650. Wewe umenihesabia yuniti 28, kwa kuwa mita imesomwa tarehe 29 Agosti ikiwa 0440. Katika siku hizo mafundi wa rangi wameosha brashi na kuta kwa maji hayo, na mpangaji mpya amepikia, ameogea na amefulia kwa wiki mbili. Yuniti 17 zilizozidi si zangu.

Usafi hauhitaji maneno mengi. Nilimlipa mama mmoja tarehe 30 Julai tukasugua nyumba pamoja kutwa nzima, na msimamizi wako ameandika "safi".

Kioo cha jikoni nilikivunja mimi, kwa mpini wa ufagio, na hujakitia hata katika hesabu yako. Niliulizia kwa fundi wa vioo pale pale Tudor, akaniambia kukata na kutia kioo cha kimo kile ni shilingi 850. Nakubali pesa hizo zikatwe.

Kwa hiyo kutoka shilingi 26,000 ondoa shilingi 1,650 za maji na shilingi 850 za kioo, jumla shilingi 2,500. Zinabaki shilingi 23,500, na hizo ndizo ninazokudai.

Nakuomba unitumie kiasi hicho chote kwa M-Pesa, kwa nambari ile ile niliyokuwa nikikulipia kodi, katika muda wa siku 14 tangu upokee barua hii. Ikiwa una ushahidi wa uharibifu mwingine ambao msimamizi wako hakuuona, nitumie kwa maandishi katika muda huo huo, pamoja na picha na risiti zinazohusu nyumba nambari 7 peke yake, nami nitausoma kwa haki. Sitakubali malipo ya nusu kama maliza-maneno, na wala sitakubali kusubiri amana ya mpangaji mwingine, kwa sababu amana yangu niliiweka kwako na haikuwa mkopo.

Siku hizo zikipita bila malipo, nitawasilisha madai katika Mahakama ya Madai Madogo hapo Mombasa. Katika simu ya mwisho uliniambia nikitaka niende kwenye Baraza la Kodi. Baraza hilo husikiliza mambo ya nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kwa hiyo nyumba yako haimo. Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya fedha ambazo mtu amezipokea na kuzishika kwa niaba ya mwingine; mdai anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka shauri liamuliwe katika siku 60. Nikifika huko nitadai pia riba na gharama za kesi, na nitaomba msimamizi wako aitwe aje na daftari lake.

Nisingependa tufike huko. Kwa miaka mitatu na nusu hukuwahi kunigongea mlango kwa sababu ya kodi, na maji yalipokatika mwezi wa Ramadhani mwaka jana ulileta boza kwa pesa zako, wapangaji wote tukakuombea dua. Sijalisahau hilo.

Nakala ya barua hii nimekutumia kwa simu leo, na hii yenye sahihi inaletwa na kaka yangu, ambaye atakuomba utie sahihi na tarehe kwenye nakala yake kuthibitisha kuwa umeipokea. Nimeambatisha nakala za mkataba, ujumbe wa malipo yote mawili, ukurasa wa daftari la makabidhiano, picha ya mita ya tarehe 31 Julai, ujumbe wangu wa Mei 2023 kuhusu bomba, risiti ya kitasa na ile risiti yako ya rangi.

Wako mwaminifu,

Mwanaisha Bakari
Aliyekuwa mpangaji, nyumba nambari 7