Mapitio ya rasimu yako: Anguko la Kalenga

Dada, hoja imesimama. Marejeo ndiyo yanayoiangusha. Ukurasa wa 3 unasema Kalenga, ngome ya Mkwawa, iliangushwa na Wajerumani 1891. Huo ni mwaka wa vita vya Lugalo; Kalenga iliangushwa Oktoba 1894. Fungua chanzo chenyewe, usitegemee daftari. Maneno ya mzee uliyemhoji Kalenga hayana tarehe ya mahojiano, na hili limeniuma zaidi: ushahidi wako bora unasomeka kama uvumi.

Nimekagua haya, nawe yapitie tena:

– Kila nukuu ina mwandishi, mwaka na ukurasa? Aya ya 2 na ya 5 hazina ukurasa.
– Waliotajwa ndani wote wamo kwenye orodha? Wawili hawamo.
– Miaka inalingana kote?
– Umeandika kwa maneno yako? Bado taja chanzo.