Makabidhiano ya majaribio: mfumo wa mapokezi ya samaki, kiwanda cha Ilemela

Kwa: dada anayepokea kazi ya kujaribu mfumo
Kutoka: mjaribu anayehamia kitengo cha mauzo ya nje

Dada, karibu. Usitafute mwongozo wa mfumo huu, haupo. Kuna ukurasa mmoja uliobandikwa pembeni ya mizani namba 2, nao unaeleza jinsi ya kubadili karatasi ya printa tu. Vingine vyote vimo kwenye msimbo, kwenye risiti za zamani na vichwani mwa watu watatu nitakaokutajia. Vikipingana, anza kuamini risiti: ndizo zilizolipiwa.

Mfumo wenyewe

Umeandikwa kwa Visual FoxPro 9, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia mwaka 2015. Unapokea sangara kutoka kwa mawakala wa Kirumba, Igombe, Ukerewe na visiwa vya jirani. Unasoma uzito kwenye mizani, unatoa uzito wa kreti, unapanga gredi, unachapa risiti, kisha unampa mhasibu orodha ya malipo. Basi. Kompyuta ya majaribio iko chumba cha seva, folda `C:\MAPOKEZI_T`. Ile ya kazi inaitwa `C:\MAPOKEZI`, tofauti ni herufi mbili tu mwishoni, kwa hiyo soma mstari wa juu wa dirisha kabla hujabonyeza chochote.

Mambo yanayoonekana kama hitilafu na siyo

Sehemu hii isome mara mbili. Mabadiliko mengi niliyoyakataa yalikuja kwa jina la marekebisho.

*Siku ya mzigo.* Mitumbwi na magari huingia usiku. Risiti yoyote iliyochapwa kabla ya saa 12 asubuhi huhesabiwa siku iliyotangulia. Mzigo wa saa 8 usiku wa tarehe 1 ni mali ya mwezi uliokwisha, na wakala anautegemea hivyo kwenye malipo yake. Jaribu daima 05:59 na 06:00, na ufanye hivyo usiku wa kuamkia tarehe 1. Ukiongea na makarani, andika saa zote mbili, ya mdomoni na ya kompyuta. Karani akisema "saa 9" ana maana ya 03:00 au 15:00, na tiketi nyingi za zamani hazikufafanua.

*Kukata chini.* Uzito halisi hushushwa hadi nusu kilo, mara moja tu, baada ya kutoa kreti zote:

```
nNeti = FLOOR((nJumla - nKreti * 2.3) * 2) / 2
```

Chukua kreti 4, jumla 118.6. Toa 9.2, inabaki 109.4, risiti inaandika 109.0. Kwa bei ya 9,000 kwa kilo ni 981,000. Mtu akiamua "kurekebisha" ili ikaribie nusu kilo iliyo jirani, itakuwa 109.5, yaani 985,500. Shilingi 4,500 kwa mzigo mmoja mdogo. Akikata kreti kwa kreti, wakala ndiye anayeumia, na mawakala hupiga hesabu kwa simu wakiwa palepale dirishani. Seti yangu ya mpaka ni 118.6, 118.7 na 118.8: majibu ni 109.0, 109.5 na 109.5. Hiyo 2.3 imeandikwa ndani ya msimbo. Siku wakinunua kreti za aina nyingine, wewe ndiye utakayekumbusha.

*Gredi 9 yenye bei sifuri.* Ni samaki waliokataliwa, wakiwemo wasiofika sentimita 50, ambao sheria hairuhusu kuwapokea. Mfumo haujui urefu. Karani ndiye anayepima kwa rula na kuchagua gredi. Risiti ya sifuri lazima ichapwe, maana wakala huipeleka kwa mvuvi kama ushahidi.

*Mapengo kwenye dagaa.* Kiwanda kiliacha kununua dagaa lakini takwimu zake zimebaki. Utaona kila mwezi kuna siku kadhaa tupu. Data haijapotea: dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka uvuvi hulala. Menyu ya dagaa imefungwa, ila jedwali lake la mawakala bado linatumiwa na sangara. Asiliguse mtu.

Hitilafu za kweli, zilizo wazi

Mizani hutuma `ST` uzito ukitulia na `US` ukiwa unayumba. Programu inatakiwa kusubiri `ST`. Badala yake, baada ya sekunde 3 inachukua namba yoyote iliyopo. Ukitaka kuiona, simama mapokezi wakati kreti inatupwa juu ya mizani kwa haraka na karani anabonyeza F5 bila kuangalia. Kwenye majaribio hatuna mizani. Faili la `mizani.txt` ndilo linaloigiza. Weka mistari ya `US` mfululizo, utaipata kila mara. Hii ndiyo ningependa irekebishwe kwanza, kwa sababu ni pesa ya watu.

Ripoti mbili za mwezi hazilingani. Kufuta risiti hakuiondoi kwenye faili, kunaiwekea alama tu. Orodha ya malipo huruka zenye alama, muhtasari wa mwezi huzihesabu. Mhasibu anajua na hutoa tofauti kwa mkono. Kuziona:

```
USE risiti SHARED
SET DELETED OFF
COUNT FOR DELETED() TO nFutwa
? nFutwa
```

Usikubali mtu aendeshe `PACK` ili "kusafisha". Zikiondoka hazirudi, na wakaguzi wa hesabu huziulizia.

Faili la `risiti.dbf` limefika GB 1.6. FoxPro haivuki GB 2 kwa faili moja. Nimeshaandika barua kwa uongozi. Iko kwenye kabrasha la bluu. Endelea kuwakumbusha, maana likijaa litajaa katikati ya zamu.

Umeme ukikatika wakati wa kuhifadhi, faharasa huharibika na utafutaji wa risiti hutoa majibu pungufu bila kulalamika. `REINDEX` inatibu. Kila toleo jipya, chomoa waya wa umeme katikati ya kuhifadhi kwenye kompyuta ya majaribio. Siyo njia ya kistaarabu, lakini ndiyo inayofanana na hali yetu.

Ninavyopima toleo jipya

Nachukua nakala ya wiki moja yenye mwisho wa mwezi ndani yake, naipitisha toleo la zamani na jipya, kisha nalinganisha risiti kwa risiti. Kila tofauti inahitaji mtu wa kuikubali kwa jina na sahihi, hata ya shilingi moja. Tarehe za majaribio zivuke 12, la sivyo hutajua kama siku na mwezi vimebadilishana.

Watu

Karani mkuu wa usiku anajua kila njia ya mkato. Usimwendee mzigo ukiwa unashuka. Nenda baada ya saa 2 asubuhi, msalimie, kaa, na usianze na neno "kosa". Mhasibu mwandamizi ana daftari la bei tangu mfumo uanze. Haliazimwi, linasomewa mezani kwake. Fundi wa mizani mpigie kabla ya ukaguzi wa Wakala wa Vipimo, kwa sababu akishagusa mipangilio ya mizani majaribio yote ya uzito yanarudiwa.

Nenosiri la kompyuta ya majaribio liko kwenye bahasha kwa msimamizi wa mapokezi. Libadilishe Jumatatu, na uniondoe kwenye orodha ya watumiaji.