Ndiyo, ni vibanio vya nguo

Haya, mmemaliza? Tangu jana magharibi simu inatetemeka juu ya meza kama ina homa, na kila nikiishika nakuta mwingine kaja na lake. Nawajibu wote hapa hapa chini ya picha yangu nikiwa juu ya baiskeli, kwa mkupuo mmoja. Nyie ni wengi, na vidole vyangu bado vinauma kwa kubana breki.

Nilitaka kuwajibu kwa kanga, kama ilivyo desturi ya pwani. Nikazunguka Ngamiani, hapa Tanga mjini, duka kwa duka nikisoma majina. Muuzaji wa tatu akaniuliza, "Unamsuta nani?" Nikamwambia simsuti mtu, nawajibu mashoga zangu wananicheka. Akakunja kanga zake akasema ya kusutia zipo tele, ya kutaniana hana. Kwa hiyo mnasoma maneno mengi bure, na nimeokoa hela ya doti.

Twende kwenye picha. Aliyepanda baiskeli ni mimi, sijaazima sura. Na vile viwili vyekundu na kimoja cha kijani kwenye pindo la buibui ni vibanio vya nguo, vilevile vya kwenye kamba. Aliyeuliza "shoga, unajianika ukiwa ndani ya nguo?" nimecheka mpaka nikapaliwa na chai, sikufichi. Lakini sikiliza mkasa wake.

Siku ya tatu ya kuendesha, Barabara ya 12, cheni ilikamata buibui. Si kwamba ilichanika, hapana, iliingia taratibu kama tambi inavyoingia mdomoni, nami nikaendelea kukanyaga nikidhani ni upepo wa kusi unanivuta. Baiskeli ikagoma. Nikasimama palepale mguu mmoja chini, siwezi kwenda mbele wala kushuka, kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Bajaji nyuma zinapiga honi. Akatokea mtoto, hata darasa la tatu sidhani kama amefika, akaniambia, "Usivute, mama. Rudisha pedali nyuma." Akainama, akaizungusha kinyumenyume kwa mkono, buibui likatoka sentimita kwa sentimita likiwa na mstari mweusi wa grisi ambao mpaka leo limau na jiki havijaung'oa. Tukiwa bado tunahangaika akapita bibi mmoja kwenye Foniksi yake, mjukuu kwenye keria, kikapu kwenye usukani, anaendesha kwa mkono mmoja. Hakusimama. Alisema tu, "Mwanangu, bana!" akanionyesha pindo lake. Vibanio viwili, vya bluu.

Sasa niambieni, kati ya ushauri wa yule bibi na kicheko chenu, nifuate kipi?

Kwa shemeji aliyeandika "pole, kumbe hali imekuwa mbaya kiasi hicho". Shemeji, asante kwa kunitakia kufulia, lakini tupige hesabu. Bodaboda kwenda kazini 1,000, kurudi 1,000. Siku 26 za mwezi, 52,000. Baiskeli ya mtumba, imara, kengele inalia, nimeichukua kwa 150,000. Mwezi wa tatu ukiisha nimeshairudisha hela yangu na chenji juu. Hesabu haina doa. Doa liko kwangu, maana njiani kuna mama anauza vitumbua, na nilipokuwa kwenye boda tulimpita kwa kasi. Sasa nampita polepole mno. Sipiti, kwa kweli. Nasimama.

Na hilo ndilo jibu lako, dada wa Sahare uliyeuliza kama napunguza mwili. Vitumbua vitano kila asubuhi, shoga. Mwili uko salama.

Mashoga wa Temeke mlioniandikia "waja leo waondoka leo, wewe mbona umegeuka Mtanga?" Nawaelewa. Nilipoletwa huku kikazi niliwaahidi mwaka mmoja, na sasa huu wa tatu. Nyie mmezoea mji ambao mtu akipanda baiskeli basi anauza mkate au anapeleka gesi. Huku ni kitu kingine. Mji ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka na ina namba, ukipotea Barabara ya 9 unajua ya 10 iko wapi. Asubuhi utakuta mwalimu, muuza samaki, mzee na kanzu yake ya Ijumaa, wote wako juu ya baiskeli, wanawake kwa wanaume, na hakuna anayegeuka kumwangalia mwenzake. Anayeangaliwa ni mimi peke yangu, na ni kwa sababu nayumba.

Kuna aliyenong'ona (kwenye kundi la watu 40, kunong'ona gani huko) kwamba lazima yupo mwanaume anayenifundisha. Mwalimu wangu yupo, ndiyo. Ni binti wa jirani, yuko darasa la tano, na malipo yake ni barafu ya ukwaju kila jioni. Mkali balaa. Alinikimbiza nyuma nimeshika usukani, ameshika keria, ananipigia kelele, "Angalia mbele, usiangalie tairi!" Siku moja nikageuka kumwambia kitu, nikakuta yuko mbali kule, amesimama na barafu yake. Kumbe aliniachia zamani. Hapohapo nikaanguka. Alama iliyoko kwenye goti ndiyo hiyo, aliyedhani nimepigwa apunguze tamthilia.

Mgosi wa Makorora, wewe ndiye umenichokoza kuliko wote. Eti nitaichoka baada ya wiki mbili nikuuzie kwa bei ya kutupa. Wewe? Wewe ambaye mpaka leo ukianza kuongea habari za Coastal Union lazima tufike 1988 walipochukua ubingwa, ndiyo unafundisha watu mambo ya kuchoka na kuachana na vitu? Hii baiskeli nitaisimulia mpaka na mimi mnione kero. Umenifundisha mwenyewe.

Aliyeuliza kama naweza kuziba pancha: naweza. Yaani, najua hatua zote. Unatoa tyubu, unaijaza upepo, unaizamisha kwenye beseni la maji mpaka uone mapovu, unakausha, unapiga msasa, unapaka solusheni, unasubiri, unabandika kiraka. Mimi huwa nafika hatua ya beseni. Kuanzia hapo namwita fundi, ambaye ameshaanza kuniita "mteja wangu" kwa sauti isiyonipendeza.

Na yule aliyeandika neno moja tu, "Amboni?", nimekuona. Jumamosi hii, saa moja asubuhi kabla jua halijakaza. Ni kama kilomita 8 kutoka mjini, mapangoni kuna ubaridi, tutapumzika humo kwenye miamba ya chokaa mpaka nipate pumzi ya kurudi. Nitakuwa mbele. Au nyuma, lakini nitakuwepo.

Anayekuja aje na baiskeli yake. Keria yangu haibebi mtu, bado sijafuzu, na mwalimu wangu ameshanikataza. Na ukija na buibui au kanzu, njoo na vibanio vyako. Hivi vyangu ni vitatu tu, na jana usiku mama mwenye nyumba kaniuliza kwa upole sana kwa nini kamba yake ya nguo imepungukiwa.